Akaunti ya kampuni, akaunti yako, au kadi yako: ulinganisho wa njia tatu za kulipiwa zana za kazi, kabla hujaondoka

Mwajiri anaweza kukulipia programu za kazi kwa njia tatu, na zote zinafanana mradi bado upo kazini: unafungua kompyuta, programu inafunguka, na mwishowe hutoi hata senti. Tofauti hujitokeza unapoacha kazi.

Njia ya kwanza, kampuni inakufungulia akaunti yake kwa anwani yake, mfano `jina@kampuni.co.tz`. Ya pili, akaunti ni yako uliyoifungua mwenyewe, na kampuni inakualika kwenye kundi lake na kulipia nafasi yako humo. Ya tatu, unalipa kwa kadi yako kisha unawasilisha risiti ili urudishiwe pesa.

Watu wengi huuliza nani analipa. Swali lenye uzito zaidi ni hili: nenosiri likisahaulika, ujumbe wa kulibadilisha unaenda kwenye sanduku la barua la nani? Huyo ndiye mwenye akaunti, hata kama jina na picha ni vyako.

| | Akaunti ya kampuni | Akaunti yako, nafasi ya kampuni | Kadi yako, pesa inarudishwa |
|---|---|---|---|
| Anayeweza kuifunga | Msimamizi wa mifumo wa kampuni | Wewe. Msimamizi anaweza tu kukutoa kundini | Wewe |
| Unachoondoka nacho | Hakuna | Akaunti, historia na mipangilio yako | Kila kitu, pamoja na bili |
| Kinachoumiza watu | Huduma nyingine zilizofunguliwa kupitia akaunti hiyo | Anwani ya kampuni kuachwa ndiyo kuu | Mkataba wa mwaka mzima |
| Inakofaa | Barua, faili na kalenda za kazi | GitHub na zana zinazokufuata kazi hadi kazi | Huduma za mwezi kwa mwezi tu |

Akaunti ya kampuni

Tuchukue Google Workspace, kwa kuwa ofisi nyingi zinaitumia. Ukiondoka, msimamizi anaweza kufanya mambo mawili tofauti. Akiisimamisha akaunti, faili zote zinabaki, ila huwezi kuingia. Akiifuta, ana siku 20 tu za kuirejesha. Zikipita, kilichokuwemo kimekwenda, isipokuwa vitu, mfano faili za Drive, alivyomhamishia mfanyakazi mwingine kabla ya kufuta. Kwa Microsoft 365 muda wa kurejesha ni siku 30. Kwa njia zote mbili uamuzi ni wake, wala hauhitaji idhini yako.

Kwa barua na faili za kazi, huo ndio utaratibu sahihi na hauna cha kulalamikia. Kazi uliyoifanya ukiwa kazini ni ya mwajiri. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kwa mfano, inaihesabu kuwa imehamia kwake isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo njia hii ndiyo inayofaa kwa chochote ambacho usingetaka kuondoka nacho: mikataba, orodha za wateja, ripoti, vikao. Ukivichanganya na akaunti yako binafsi unajitwisha wajibu wa kulinda taarifa za watu ambao huna tena uhusiano nao wa kikazi.

Hasara inatokea pembeni, kwenye kitufe cha "Sign in with Google". Mtu anajisajili kwenye Figma, Canva, Notion, kozi ya mtandaoni, hata mahali anapohifadhi michoro yake ya mwisho wa wiki, na kila mara anabonyeza kitufe hicho akiwa ndani ya kivinjari cha kazini. Hakuweka nenosiri lolote. Akaunti ya kazi ikifungwa, milango yote hiyo inafungwa pamoja nayo, na huduma hizo zikimtumia ujumbe wa kuthibitisha, unaenda kwenye anwani ambayo haipo tena. Huduma kwa wateja hawawezi kusaidia sana hapa, maana kwa macho yao mwenye anwani ndiye mwenye akaunti.

Kuna upande mwingine ambao wachache huufikiria. Anwani yako ya zamani inaweza kupewa mfanyakazi mpya, au barua zake zikaelekezwa kwa meneja. Kampuni ikifa na kuacha kulipia kikoa chake, yeyote atakayekinunua anaweza kuunda upya anwani ileile na kuomba nenosiri jipya kwenye huduma ulizoziacha. Akaunti uliyoisahau inabaki kuwa mlango.

Orodha ya milango hiyo inaonekana. Ukiwa umeingia kwa akaunti ya kazi, nenda `myaccount.google.com/connections`. Utaona huduma zote zinazotegemea akaunti hiyo. Kwa kila moja inayokuhusu wewe binafsi, ingia kwenye mipangilio yake, badilisha anwani iwe ya Gmail yako au nyingine unayoimiliki, weka nenosiri, kisha toka na ujaribu kuingia upya kwa njia mpya. Jaribio hilo la mwisho lisirukwe. Baadhi ya huduma hubadilisha anwani ya mawasiliano tu na kuacha njia ya kuingia ikiwa bado ni Google ya kazini. Kwenye skrini utaona anwani mpya na kudhani umemaliza.

Orodha hiyo haikuonyeshi huduma ulizojisajili kwa kuandika anwani ya kazi na nenosiri. Hizo zitafute kwenye sanduku la barua kwa maneno kama "verify your email", "welcome" na "receipt". Wapo walioweka anwani ya kazi hata kwenye iTax ya KRA au kwenye benki yao, kwa kuwa ndiyo waliyokuwa wakiifungua kila siku. Anza na hizo, kwa sababu kuzirejesha baadaye kunaweza kukufikisha dirishani na kitambulisho mkononi.

Akaunti yako, nafasi ya kampuni

Mfano bora hapa ni GitHub, huduma ambako watayarishaji programu huhifadhi msimbo wao, ambayo imejengwa hivyo tangu mwanzo: masharti yake yanataka mtu awe na akaunti moja tu ya bure, na akaunti hiyohiyo inaalikwa kwenye kampuni moja, mbili au tano. Ukiondoka, kampuni inakutoa kwenye kundi lake. Unapoteza kuona hazina zake za msimbo zilizofungwa, nakala ulizojitengenezea za hazina hizo kwenye GitHub zinafutwa, na leseni ya Copilot uliyokuwa ukilipiwa inakoma. Jina lako, miradi yako, wafuasi, na mchango wako kwenye miradi ya wazi vinabaki.

Njia hii ndiyo tunayoipendekeza kwa zana yoyote inayoruhusu, kwa sharti moja: anwani kuu ya akaunti iwe yako. Nenda "Settings", kisha "Emails". Ongeza anwani binafsi, ithibitishe, iweke kuwa "Primary email address".

Baada ya hapo kuna chaguo linalohitaji kufikiriwa. Ukiiondoa kabisa anwani ya kazi, mabadiliko yote ya msimbo uliyoyasaini kwa anwani hiyo yataacha kuhusishwa na wasifu wako, hata yale ya miradi ya wazi. Ukiiacha, historia inabaki, ila kwa kawaida GitHub hukubali anwani yoyote iliyothibitishwa itumike kuomba nenosiri jipya. Suluhisho liko kwenye ukurasa uleule: chini ya "Backup email address" chagua "Only allow primary email". Hapo historia inabaki na mlango unafungwa.

Ili suala hilo lisijirudie kazi ijayo, tenganisha anwani tangu kwenye kompyuta. Ukiwa na folda moja ya miradi ya kazi, ongeza hii kwenye `~/.gitconfig`:

```
[user]
    email = anwani-yako-binafsi
[includeIf "gitdir:~/kazini/"]
    path = ~/.gitconfig-kazini
```

Ndani ya `~/.gitconfig-kazini` weka sehemu ya `[user]` yenye anwani ya kampuni. Mkwaju wa mwisho baada ya `kazini` usisahaulike. Bila huo, kanuni haishiki miradi iliyo ndani ya folda hiyo. Kagua kwa kuingia kwenye mradi wowote na kuandika `git config user.email`.

Tahadhari moja: si kila akaunti ya GitHub uliyo nayo kazini ni yako. Baadhi ya kampuni kubwa hutumia mfumo uitwao Enterprise Managed Users, ambapo jina la mtumiaji huishia na alama ya mstari wa chini na kifupi cha kampuni, mfano `jina_kampuni`. Hiyo ni njia ya kwanza iliyovaa sura ya njia ya pili. Kampuni huimiliki yote, wala haiwezi kuchangia miradi ya wazi. Ukiiona alama hiyo, usiweke humo kitu chochote chako.

Kwa wabunifu, Canva na Adobe hufuata mantiki inayokaribiana na hii, ila mpaka unapita ndani ya akaunti. Mchoro ulioutengeneza ukiwa kwenye timu ya kampuni unabaki kwa timu, hata kama uliingia kwa Gmail yako. Adobe hutenganisha wasifu wa kazi na wasifu binafsi kwa anwani moja, na kila mmoja una hifadhi yake. Kabla ya kuanza mchoro wako mwenyewe, angalia uko upande upi. Kugundua baadaye ni kuchelewa.

Kadi yako, pesa inarudishwa

Inapendwa na kampuni ndogo kwa sababu haihitaji msimamizi wala mkataba, na inapendwa na wafanyakazi kwa sababu akaunti inabaki yao. Tatizo ni kwamba kampuni ikiacha kukurudishia, mwenye mkataba bado ni wewe.

Angalia mpango wa Adobe wa mwaka unaolipwa kila mwezi. Kwenye ukurasa wa kununua unaonekana kama malipo ya mwezi, lakini ni ahadi ya miezi 12. Zikipita siku 14 za mwanzo, katika nchi nyingi kuuvunja kunatozwa nusu ya kilichobaki. Tuseme unalipa shilingi 8,000 za Kenya kwa mwezi na unaondoka baada ya malipo ya tano. Imebaki miezi 7, yaani 56,000, na ada ya kuvunja ni 28,000. Mwajiri aliyekuwa akirejesha 8,000 kwa risiti ya kila mwezi hana wajibu wa kulipa hiyo 28,000 kama haikuandikwa mahali. Mpango wa mwezi kwa mwezi una bei ya juu zaidi, lakini unakoma unapotaka. Kwa njia hii ya tatu, huo ndio pekee tunaoushauri, au mwajiri akubali kwa maandishi, hata kwa barua pepe fupi, kwamba atabeba ada ya kuvunja mkataba.

Suala la pili ni leseni yenyewe. JetBrains, watengenezaji wa programu za kuandikia msimbo, wana leseni za kampuni na leseni za mtu binafsi, na ya mtu binafsi ni nafuu zaidi. Unaruhusiwa kuitumia kazini, lakini masharti yao yanakataza kampuni kuinunua au kukurudishia pesa yake. Kwa hiyo risiti ya leseni binafsi ikipelekwa uhasibu, masharti yamevunjwa hata kama kila mtu alikuwa na nia njema. Hapa uchague wazi: kampuni inunue leseni yake na uiache siku ya kuondoka, au ulipe yako kwa pesa yako na uende nayo. Anayejua atabadilisha kazi ndani ya mwaka mmoja au miwili, na anaitumia programu hiyo pia kwa miradi yake, atafaidika zaidi na ya pili: ukilipa miezi 12 mfululizo unapata haki ya kuendelea kutumia toleo fulani la programu bila kulipa tena, na haki hiyo hubaki kwa mwenye leseni. Leseni ikiwa ya kampuni, haki hiyo ni ya kampuni.

Manenosiri: zawadi inayokoma

Kampuni inayotumia 1Password Business, programu ya kutunza manenosiri, humpa kila mfanyakazi akaunti ya familia bila malipo. Ni manufaa mazuri, na watu wachache wanajua mipaka yake. Akaunti ya familia ni tofauti kabisa na ya kazini, hata kama zote mbili zinaonekana ndani ya programu moja. Ukiondoka, ya kazini inafungwa. Ya familia inabaki yako, ila lazima uanze kuilipia. Usipolipa inagandishwa, yaani unaweza kusoma na kutoa nakala ya manenosiri yako lakini huwezi kuongeza.

Kinachokosewa ni kuweka nenosiri la benki au la barua pepe binafsi kwenye kabati la kazini kwa sababu ndilo linalofunguka kwanza. Kabla ya kuondoka, pitia kabati hilo na uhamishe yaliyo yako kwenda kwenye akaunti ya familia. Ukikuta kampuni imezuia kuhamisha, andika upya moja moja. Na kama akaunti ya familia uliifungua kwa anwani ya kazi, ibadilishe kwanza.

Siku 28 kwa mfano

Tuseme mtayarishaji programu wa Dar es Salaam analipwa kwa mwezi. Notisi ya chini kabisa kisheria, Tanzania na hata Kenya, ni siku 28. Anaweza kudhani ana wiki nne za kupanga mambo. Hana uhakika huo: sheria za nchi zote mbili zinamruhusu mwajiri kulipa badala ya notisi, na anayelipa badala ya notisi huweza kufunga akaunti siku ileile barua inapopokelewa. Kutenganisha akaunti kufanywe kabla barua haijaandikwa. Afadhali zaidi, kufanywe sasa, hata kama huna mpango wa kuondoka.

Ana vitu vinne: Google Workspace ya kampuni, GitHub yake iliyoalikwa, leseni ya JetBrains ya kampuni, na Adobe aliyoilipia kwa kadi yake ya benki.

Wiki ya kwanza anapitia ukurasa wa miunganisho ya Google na kuhamisha kila huduma binafsi. Anabadilisha anwani kuu ya GitHub na kufunga njia ya nenosiri. Haya mawili yanachukua jioni moja au mbili, na ndiyo yenye hasara kubwa yakiachwa.

Wiki ya pili anashughulikia yaliyo yake ndani ya akaunti ya kazi: picha za familia zilizopakiwa kwa bahati mbaya, hati za malipo ya mshahara, barua za ajira. Kwa hizo anaomba ruhusa kisha anazipakua. Google ina zana ya `takeout.google.com`, lakini msimamizi anaweza kuwa ameizima, na ikiwa imewashwa itatoa kila kitu, pamoja na data za wateja asizostahili kuwa nazo. Achague aina moja ya data tu, tena folda mahususi. Kiungo cha kupakua hudumu takribani siku 7. Asijielekezee barua zote za kazi kwenye Gmail yake. Hatua hiyo huonekana kwenye kumbukumbu za mfumo, na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 taarifa za wateja si mali ya kubeba.

Wiki ya tatu ni Adobe. Anaingia kwenye akaunti yake, anatazama kama mpango ni wa mwaka au wa mwezi na tarehe ya kuisha mwaka. Ikiwa imebaki miezi 2, huenda kuumalizia hakupishani sana na kuuvunja: ada ni ya mwezi mmoja, na anapoteza miezi 2 ya matumizi. Ikiwa imebaki 9, anampelekea mwajiri hesabu kabla ya malipo ya mwisho ya mshahara, kwa kuwa baada ya hapo hana pa kuidai kirahisi. Leseni ya JetBrains haigusi. Anahamisha tu mipangilio yake ya programu na kuacha leseni ikae.

Wiki ya mwisho anageukia simu, na hapa ndipo walio makini hukwama. Misimbo ya kuthibitisha ya hatua ya pili inaweza kuwa kwenye simu ya kampuni. Kwenye Google Authenticator, chagua "Transfer accounts" na usome msimbo wa mraba kwa simu yako, kisha jaribu kuingia mahali pamoja kwa simu mpya kabla ya kurudisha ya zamani. Kama laini ni ya kampuni, WhatsApp ihamishiwe namba yako kwa "Change number" wakati laini zote mbili bado zinapokea ujumbe. M-Pesa iliyo kwenye laini ya kampuni haihamishiki hivyo, kwani laini imesajiliwa kwa jina la kampuni na wewe huwezi kuomba kadi mpya ya laini hiyo dukani. Toa salio lote, na uwaambie wanaokutumia pesa namba mpya.

Kabla ya kurudisha kompyuta, toka kwenye kivinjari. Ikiwa ulikuwa umeingia Chrome kwa akaunti yako binafsi, manenosiri yako yaliyohifadhiwa yamo kwenye mashine hiyo hadi utoke na kufuta data za wasifu huo. Kwenye simu ya iPhone ya kampuni, toka iCloud yako na uzime "Find My". Usipofanya hivyo, simu inafungwa kwa jina lako. Kampuni inaweza kushindwa kumpa mtu mwingine, na watakutafuta wewe.